Mabano yaliyosawazika na lema ya pampu: kwa nini sharti la urefu ndilo linalobeba uthibitisho

Chukua alfabeti yenye alama mbili tu, bano la kufungua `(` na bano la kufunga `)`. Mtungo wa alama hizo umesawazika iwapo mambo mawili yanatimia kwa pamoja: mabano ya kufungua yawe sawa kwa idadi na mabano ya kufunga, na mtu anayeusoma kutoka kushoto kwenda kulia asifike mahali popote ambapo ya kufunga aliyokwisha kuyasoma yamezidi ya kufungua. Kwa kipimo hicho `(())` na `()(())` imesawazika, lakini `())(` haikusawazika ingawa hesabu yake inalingana, kwa sababu bano la tatu linafunga kitu ambacho hakikufunguliwa. Mitungo yote iliyosawazika, pamoja na mtungo mtupu, tuiite lugha B. Ili macho yasichanganyikiwe na mabano ndani ya fomula, humo nitaandika `a` mahali pa bano la kufungua na `b` mahali pa bano la kufunga; kwa hiyo `aabb` ni `(())`.

Swali ni kama B ni lugha ya kawaida. Katika nadharia ya ukokotoaji, lugha ya kawaida ni ile inayoweza kutambuliwa na mashine yenye hali za idadi maalumu, iliyowekwa kabla mtungo wowote haujasomwa. Mashine hiyo husoma alama moja baada ya nyingine, hairudi nyuma, haiandiki popote, na kitu pekee inachokumbuka kuhusu yaliyopita ni hali iliyomo wakati huo. Stephen Kleene alionyesha, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1956, kwamba lugha zinazotambuliwa hivyo ndizo zilezile zinazoelezwa kwa semi za kawaida, na ndiyo maana swali letu linamhusu pia mtu anayetaka kukagua mabano ya programu kwa usemi mmoja wa kutafutia maandishi.

Tujaribu kwanza kuijenga mashine yenyewe, maana kushindwa kwake kunafundisha. Tuipe hali D0, D1, D2 na D3, ambapo namba inaonyesha mabano mangapi yako wazi kwa sasa, na hali ya tano, T, ambayo ukishaingia hutoki. Kila bano la kufungua linapandisha namba, kila bano la kufunga linaishusha. Ukifunga ukiwa D0, au ukifungua ukiwa D3, unaangukia T. Mashine inakubali mtungo ikiwa imemalizia D0. Mashine hii haikosei kamwe kwa mitungo ambayo kina chake hakizidi 3, lakini inaukataa `(((())))`, ambao umesawazika, kwa sababu bano lake la nne la kufungua linaipeleka T.

Mtu atasema: basi, badala ya kuanguka T, bano la kufungua likija mashine ikiwa D3 na ibaki palepale D3. Tuufuatilie mtungo `(((()))`, wenye mabano manne ya kufungua na matatu ya kufunga. Mashine inaanza D0, inapita D1, D2, D3, inabaki D3 kwa bano la nne, kisha inashuka D2, D1, D0, na inaukubali. Imekubali mtungo usiosawazika. Papo hapo inaukataa `(((())))`, kwa kuwa mabano matatu ya kufunga yanaifikisha D0 na la nne linaitupa T. Kile kitanzi kidogo kwenye D3 ndicho kilichoiharibu: mashine ikishazunguka mara moja haina namna ya kujua imezunguka mara ngapi, na lililosomwa ndani ya kitanzi limepotea kwenye hesabu. Kuongeza hali ya sita au ya mia kunasogeza tu mahali pa kushindwa. Hata hivyo, kushindwa kwa mashine moja, au kwa mashine elfu, si uthibitisho kwamba hakuna inayoweza, na hapo ndipo lema ya pampu inapohitajika.

Lema yenyewe inasema hivi. Ikiwa lugha L ni ya kawaida, basi kuna namba p, isiyopungua 1, ambayo kwa kila mtungo w ulio ndani ya L na wenye urefu usiopungua p, kuna namna ya kuukata w vipande vitatu, `w = xyz`, ili masharti haya yatimie:

```
|y| ≥ 1
|xy| ≤ p
xy^i z imo ndani ya L kwa kila i ≥ 0
```

Sharti la kwanza linasema kipande cha kati si kitupu. La pili linasema kipande hicho kinamalizika ndani ya alama p za mwanzo za mtungo. La tatu ndilo lililoipa lema jina lake: kipande cha kati kinaweza kupampuliwa, yaani kurudiwa mara mbili, mara kumi au mara yoyote utakayo, au kuondolewa kabisa, na mtungo unaopatikana bado umo ndani ya L.

Sababu yake tumekwisha kuiona kwenye D3. Mashine inayoitambua L ikiwa na hali p, basi katika kusoma alama p za mwanzo inasimama kwenye hali mara p + 1, tukihesabu na ile ya kuanzia. Vituo ni p + 1 na hali ni p tu, kwa hiyo lazima hali fulani itembelewe mara mbili. Sehemu iliyosomwa kabla ya kuifikia mara ya kwanza ni x, sehemu iliyosomwa kati ya ziara ya kwanza na ya pili ni y, na iliyobaki ni z. Kwa kuwa y inaanzia na kuishia kwenye hali ileile, mashine haioni tofauti ukiirudia au ukiiruka. Na kwa kuwa marudio hayo yalitokea ndani ya alama p za mwanzo, sharti la urefu linajitokeza lenyewe. Naomba msomaji alikazie macho sharti hilo, kwa sababu watu wengi hulichukua kama pambo la uthibitisho, na katika lugha yetu ndilo linalobeba kila kitu.

Lema hii haitumiki kuthibitisha kwamba lugha ni ya kawaida. Hutumika kinyumenyume: tunachukulia kwamba B ni ya kawaida, tunapokea yale ambayo lema inaahidi, kisha tunaonyesha kwamba ahadi hiyo haiwezi kutimia. Ugumu wake hauko kwenye hesabu bali kwenye suala la nani anachagua nini. Yafaa kuufikiria uthibitisho kama mabishano kati yako na mtu anayeshikilia kwamba B ni ya kawaida. Yeye anataja p, na wewe huna mamlaka juu ya namba hiyo. Wewe unachagua mtungo w, mmoja tu, ambao umo ndani ya B na una urefu usiopungua p. Yeye anaukata vipande vitatu apendavyo, mradi aheshimu masharti mawili ya kwanza. Wewe unachagua i. Ukiweza kuutoa mtungo nje ya B kwa kila ukataji anaoruhusiwa, umeshinda. Kwa hiyo wewe una uhuru juu ya w na i, na yeye ana uhuru juu ya p na ukataji. Anayejipa uhuru wa mwenzake hajathibitisha chochote.

Sasa uthibitisho wenyewe. Tuchukulie B ni ya kawaida na p ndiyo namba iliyotajwa na lema. Tunachagua

```
w = a^p b^p
```

yaani mabano p ya kufungua yanayofuatwa na mabano p ya kufunga. Mtungo huu umesawazika, na urefu wake ni 2p, ambao haupungui p. Sasa mpinzani anaukata. Kwa kuwa `|xy| ≤ p`, na alama p za mwanzo zote ni mabano ya kufungua, x na y haziwezi kuwa na kitu kingine chochote ila mabano ya kufungua. Tuseme x ina mabano s na y ina mabano t, ambapo t haipungui 1 kwa sharti la kwanza. Hatujui s wala t ni ngapi, wala hatuhitaji kujua. Tukichagua i = 2 tunapata

```
xyyz = a^(p+t) b^p
```

na kwa kuwa t ni angalau 1, mabano ya kufungua yamezidi ya kufunga. Mtungo huo haumo ndani ya B, ilhali lema iliahidi kwamba umo. Dhana tuliyoanza nayo imejipinga yenyewe, kwa hiyo B si lugha ya kawaida. Tungeweza pia kuchagua i = 0, tukabaki na `a^(p-t) b^p`, ambao una upungufu wa mabano ya kufungua; njia zote mbili zinafika.

Kwa asiyeridhika na herufi, tuweke p = 3 na tutazame kila ukataji kwa jicho. Mtungo ni `((()))`. Kipande cha kati lazima kiishe ndani ya alama tatu za mwanzo, kwa hiyo mpinzani ana njia sita tu: y ya bano moja inaweza kuanzia mahali patatu, y ya mabano mawili mahali pawili, na y ya mabano matatu mahali pamoja. Ukiirudia y mara mbili, mabano ya kufungua yanakuwa 4, 5 au 6 kulingana na urefu wake, huku ya kufunga yakibaki 3 katika njia zote sita. Mpinzani hana pa kutokea. Lakini mfano huu ni wa kuonea tu. Anayeandika p = 3 ndani ya uthibitisho wake ameonyesha kwamba 3 haifai kuwa namba ya lema kwa lugha hii, na mpinzani atajibu kwa utulivu kwamba yeye alikuwa na 4 moyoni. Ndiyo maana mtungo lazima uandikwe kwa p yenyewe, ili ukue pamoja na namba yoyote atakayoitaja.

Uchaguzi wa w ndio hatua pekee inayodai ubunifu, na si kila mtungo mrefu wa B unafaa. Tuseme mtu amechagua `()` iliyorudiwa mara p. Mtungo umo ndani ya B na ni mrefu wa kutosha, lakini mpinzani mwenye p isiyopungua 2 ataacha x ikiwa tupu na kuchukua `()` ya kwanza kuwa y. Ukiirudia, unapata mlolongo uleule wenye jozi nyingi zaidi. Ukiiondoa, unapata jozi pungufu kwa moja. Na kila mara mtungo umesawazika. Hukupata mkinzano wowote. Hilo halina maana kwamba B ni ya kawaida, bali kwamba mtungo huo haukuwa na ushahidi ndani yake. Hakuna kina hapo: mashine haihitaji kukumbuka zaidi ya bano moja kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mwembamba zaidi. Tuchukue `()` moja, kisha mabano p ya kufungua, kisha p ya kufunga, yaani `ab a^p b^p`. Kina kimo cha kutosha, na mtu angetarajia uthibitisho upite. Haupiti, kwa sababu mpinzani ataikamata ile jozi ya mbele iwe y na kuipampu peke yake, na sehemu yenye kina haitaguswa kamwe. Jozi moja iliyotangulia imempa mahali pa kukimbilia. Mtungo mzuri ni ule ambao alama zake p za mwanzo hazina kipande hata kimoja kinachoweza kurudiwa bila madhara, na kwa mabano hilo hupatikana kwa kujaza nafasi hizo zote kwa mabano ya kufungua.

Hapa turudi kwenye sharti la urefu. Wapo wanaojifunza lema hii bila sharti la `|xy| ≤ p`, kwa sababu mfano wanaouona kwanza huwa ni lugha ya mitungo `a^n b^n`, yaani a zote zitangulie na b zifuate kwa idadi ileile. Katika lugha hiyo mtu anaweza kushinda hata mpinzani akiruhusiwa kuikata y popote. Akiichukua kwenye a tu au kwenye b tu, idadi zinatofautiana. Akiichukua katikati, ikawa na a na b kwa pamoja, kuirudia kunaleta a baada ya b na mpangilio unavunjika. Hali tatu, ushindi mara tatu.

Mwanafunzi anayeuhamishia uthibitisho huo kwenye mabano huandika kwamba hali ya tatu inavunja mpangilio, na hapo anakosea. Chukua `(())` na uweke x kuwa bano la kwanza, y kuwa `()` ya ndani, na z kuwa bano la mwisho. Ukiirudia y unapata `(()())`, ambao umesawazika kabisa. Ukiirudia mara kumi bado umesawazika, na ukiiondoa unabaki na `()`. Hakuna mpangilio uliovunjika, kwa sababu B haidai kwamba mabano yote ya kufungua yatangulie.

Tena jambo hili si la mtungo huo mmoja. Kila mtungo wa B usio mtupu una mahali fulani ambapo bano la kufungua linafuatwa papo hapo na bano la kufunga, kwa kuwa unaanza kwa kufungua na kuishia kwa kufunga, na hapo katikati lazima mabadiliko yatokee. Jozi hiyo ya `()` inaweza kurudiwa au kuondolewa bila kuvuruga usawa wa mabano mengine. Maana yake ni nzito: tukiiondolea lema sharti la urefu, mpinzani ana jibu kwa kila mtungo tunaoweza kumpa, wala hakuna w atakayetuokoa. Lema iliyodhoofishwa hivyo haiwezi kabisa kuthibitisha kwamba B si ya kawaida. Sharti la urefu ndilo linalomzuia mpinzani asiifikie jozi ya katikati, kwa sababu mtungo wetu unaiweka jozi hiyo kwenye nafasi ya p na p + 1, hatua moja nje ya mipaka yake. Hali ni hiyohiyo kwa lugha ya mitungo yenye a na b kwa idadi sawa bila kujali mpangilio, ambayo nayo huitwa ya mitungo iliyosawazika: kila mtungo wake usio mtupu una `ab` au `ba` ya kupampu.

Asiyetaka kulitegemea sharti hilo ana njia nyingine. Lugha mbili za kawaida zikikutanishwa, mitungo iliyomo katika zote mbili nayo ni lugha ya kawaida. Lugha `a*b*`, ya mabano yoyote ya kufungua yakifuatwa na yoyote ya kufunga, ni ya kawaida. B ingekuwa ya kawaida, makutano ya hizo mbili nayo yangekuwa ya kawaida. Lakini makutano hayo ni `a^n b^n`, ambayo hata lema dhaifu inaiangusha. Mimi naipenda njia hii kwa wepesi wake, ingawa naona ni vema mtu ajue kwanza kuupitisha uthibitisho wa moja kwa moja.

Umbo la mwanzo la lema ya pampu kwa mashine za aina hii limo katika makala ya Michael Rabin na Dana Scott ya mwaka 1959, na mwaka 1961 Yehoshua Bar-Hillel, Micha Perles na Eli Shamir walitoa lema ya jamii hiyo kwa lugha zisizotegemea muktadha, ambamo B imo. Yote mawili yanaelekea upande mmoja tu. Lugha ya kawaida lazima ipampuke, lakini lugha inayopampuka si lazima iwe ya kawaida. Ongeza alama `c` na uchukue mitungo yote ya umbo `c^i a^j b^k` yenye sharti kwamba, ikiwa i ni 1, basi j na k ziwe sawa. Lugha hii inatimiza lema kwa p = 2: penye c moja au zaidi ya mbili unapampu c moja, penye c mbili unazipampu zote mbili kwa pamoja ili usije ukabaki na moja, na pasipo c unapampu alama ya kwanza. Bado si ya kawaida, kwani ndani yake, ukichukua tu mitungo inayoanza kwa c moja hasa, imejificha `a^j b^j`. Anayekutana na lugha ya namna hii hutumia nadharia ya John Myhill na Anil Nerode, ya miaka ya 1957 na 1958, inayopima moja kwa moja hali ngapi zinahitajika. Kwa B kipimo hicho kinasomeka kirahisi: baada ya mabano 5 ya kufungua mashine lazima iwe kwenye hali tofauti na ile ya baada ya mabano 6, kwa kuwa mabano 5 ya kufunga yanaukamilisha mtungo wa kwanza na hayaukamilishi wa pili. Hoja hiyo inashika kwa namba zozote mbili, kwa hiyo hali zinazohitajika hazina mwisho.

Neno "hazina mwisho" linahitaji uangalifu mtu anaporudi kwenye kompyuta yake. Ukiweka ukomo wa kina, tuseme mabano yasizidi 50 yaliyo wazi kwa wakati mmoja, lugha inayopatikana ni ya kawaida, na mashine ya hali 52 inaitambua: D0 hadi D50, pamoja na T. Usemi wa kawaida wa lugha hiyo upo, ila unarefuka kadiri kina kinavyoongezeka, kwa sababu kila ngazi inabeba ndani yake usemi wa ngazi iliyo chini. Zana nyingine za kutafutia maandishi zinaukubali usemi mfupi kwa kina chochote, kama huu unaoandikwa kwa mtindo wa PCRE:

```
^(\((?1)*\))*$
```

Huu haupingi uthibitisho wetu. Alama `(?1)` inaiagiza zana ijirejee ndani ya kundi la kwanza, na ili irudi ilikotoka inabidi iweke kumbukumbu ya kila ngazi iliyoingia, kumbukumbu inayokua kadiri mabano yanavyozama. Unaitwa usemi wa kawaida kwa mazoea ya waandishi wa programu tu; anayetaka kukagua mabano bila zana hiyo anahitaji kihesabio kimoja kinachopanda kwa kila `(` na kushuka kwa kila `)`, kinachokataa mara tu kinaposhuka chini ya 0, na kinachokubali iwapo mwishoni kinasoma 0.